Gazi ya ziwa, gazi ya jikoni na esansi: tanki ya litra moja, kilometa tofauti

Kila mara bei ya esansi inapopanda kwenye stasio za Goma na Bukavu, na Kadafi wa kando ya barabara naye anaongeza ya kwake, kuna swali moja lenye madereva wanarudilia: chini ya Ziwa Kivu kuko gazi, mbona gari hazitembei na gazi? Wenye walishafika Dar es Salaam wanaeleza kwamba kule taksi na bajaji nyingi zinatembea na gazi. Na hapa mjini bombone za kupikia zinauzwa karibu kila avenyu. Sasa gazi iko, gari iko, kumebaki nini?

Kumebaki kazi ya kuibeba. Shida ya gazi ndani ya gari haiko nguvu, iko nafasi. Ukipima kwa kilo, gazi inashinda esansi: kilo moja ya gazi inasukuma gari mbali kuliko kilo moja ya esansi. Lakini dereva hanunui nafasi kwa kilo. Iko na tanki moja chini ya gari, au kofri moja ya nyuma, na ukubwa wake unahesabiwa kwa litra. Ukipima kwa litra, hesabu inageuka kabisa.

Kwanza inafaa kutenganisha gazi mbili zenye watu wanachanganya. Gazi ya bombone ya jikoni ni propani na butani, na Wafaransa wanaiita GPL. Inatoka kwenye viwanda vya kusafishia petroli ao kwenye visima, na inafika hapa na kamyo kutoka inchi za jirani. Gazi ya Ziwa Kivu ni metani. Ni ile ile gazi yenye Tanzania inachimba Songo Songo na kuipitisha ndani ya bomba mpaka Dar es Salaam. Ikikandamizwa kwa ajili ya gari inaitwa GNC, na Watanzania wanasema CNG. Jina "gazi" ni moja, lakini bombone, mashine na hatari zake havifanane.

Chukua bombone ya jikoni na uitikise: utasikia maji inacheza ndani. Ile si maji, ni gazi yenyewe imekuwa maji juu ya kukandamizwa kidogo tu. Propani na butani zinakubali kugeuka maji kwa mkandamizo wa bari chache, kutokea mbili ao tatu mpaka kumi hivi, kufuatana na joto la siku na mchanganyiko wenyewe. Tairi ya gari ndogo iko na bari mbili hivi, kwa hiyo si mbali sana. Kikigeuka maji, kitu chenye kilikuwa kinajaza chumba kizima kinaingia ndani ya ndoo chache.

Metani inakataa. Hata uikandamize namna gani, kwa joto la kawaida haigeuki maji. Ili iwe maji inapaswa kupozwa mpaka digri 162 chini ya sifuri, na hiyo si kazi ya kofri ya taksi. Njo maana kwenye gari ndogo inabaki gazi, na dawa ni moja: kuikandamiza kwa nguvu sana, bari 200. Hata hapo, ndani ya litra moja ya bombone kunaingia gramu 170 hivi peke yake, wakati litra moja ya GPL iko na uzito wa gramu 540 hivi, na litra ya esansi gramu 740 hivi.

Tuchukue taksi moja yenye inakula litra 10 za esansi kwa kilometa 100, na tuipe litra 50 za nafasi, hakuna zaidi. Tanki ikijazwa esansi, ile taksi itatembea kilometa 500.

Tuondoe esansi, tuweke bombone ya GPL ya litra 50. Hapa kuko sheria moja yenye haichezewe: bombone ya GPL haijazwe mpaka juu. Inajazwa asilimia 80, juu gazi ya maji inavimba kukiwa joto, na ikikosa nafasi ya kuvimbia inasukuma chuma. Kwa hiyo ni litra 40 zenye zinaingia. Na kwa sababu litra moja ya GPL iko na nguvu yenye inapita kidogo tu robo tatu ya esansi, tuseme asilimia 78, gari itakunywa karibu litra 13 kwa kilometa 100. Itafika kilometa 310 hivi. Dereva anapunguza njia, lakini anaishi.

Sasa tuweke bombone ya GNC ya litra 50, bari 200. Ndani kuko kilo 8 na nusu za metani. Kilo moja inafanya kazi ya litra moja na nusu ya esansi, kwa hiyo jumla ni sawa na litra 13 za esansi. Kilometa 130, basi. Kutoka Goma kwenda Rutshuru ni kilometa 70 hivi. Ile gari itafika, lakini haitarudi.

Mtu anaweza kusema: aongeze bombone. Anaweza, lakini aangalie uzito. Bombone ya chuma ya GNC iko na uzito wa kilo moja hivi kwa kila litra yenye inabeba, juu chuma chake ni kinene cha kushika bari 200. Kwa kutembea kilometa 300 atahitaji bombone mbili za litra 60, ni kusema kilo 120 za chuma nyuma ya kubeba kilo 20 za gazi. Kofri imekwisha, abiria ataweka mizigo juu ya magoti. Ziko bombone nyepesi za nyuzi za kaboni, lakini bei yake ni ya watu wengine.

Kwa taksi ya Dar es Salaam hesabu inakubali. Gari inazunguka mjini, haiende mbali na stasio, bomba ya gazi iko pale pale, na katika miaka hii kilo moja imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550, wakati litra moja tu ya esansi inapita ile bei mbali sana. Pia gari inabaki na tanki yake ya esansi; dereva anabonyeza batani, anageuza. Lakini hata kule madereva wanalala kwenye mistari, juu stasio ni chache na kila gari inarudi mara nyingi kujaza, kufuatana na ile hesabu ya kilometa 130.

Kujaza kwenyewe kuko na ujanja wake. Esansi inamwagwa, GNC inasukumwa na kompreseri kubwa yenye inakula umeme mwingi. Gazi ikisukumwa mbio inapata joto, na gazi ya moto inadanganya manometa. Dereva anaona 200, analipa, anaenda. Baada ya saa moja bombone imepoa na mshale umeshuka 170. Hakuna mwenye aliiba, na hakuna tundu. Lakini mshale ukiendelea kushuka wakati gari imelala usiku mzima, na bombone ilishapoa, hapo kuko mahali panavuja, na povu ya sabuni kwenye viungo itaonyesha ni wapi.

Kwa miji yenye haina bomba, GPL iko karibu zaidi na uwezekano. Inafika na kamyo sawa vile esansi, na stasio yake inahitaji tanki na pompe, si kompreseri ya bari mia mbili. Lakini ni hapo pia watu wanaweza kujiua, kwa sababu bombone ya jikoni iko karibu na inaonekana rahisi.

Bombone ya kilo 12 iko na nguvu ya litra 17 hivi za esansi. Fundi wa haraka anafikiri: tufunge mpira, tuingize ndani ya motere. Bombone ya jikoni inatoa gazi ya juu, yenye ilishageuka mvuke, na imetengenezwa kulisha moto mdogo wa sufuria. Taksi yenye inatembea kilometa 60 kwa saa inakula karibu kilo 4 za gazi kwa saa, ni kama kuwasha mafiga makumi mawili kwa mara moja. Gazi ya maji ikigeuka mvuke mbio hivyo inanyonya joto la chuma. Bombone inatoka jasho, kisha inavaa barafu nyeupe, mkandamizo unaanguka, motere inazimika kwenye mlima. Bombone ya gari inafanya kinyume: inatoa gazi ya maji kutoka chini, na ile maji inageuzwa mvuke ndani ya detanderi yenye inapashwa na maji ya moto ya radiyateri. Njo maana pia gari ya GPL inawashwa na esansi kwanza, kisha inageuzwa motere ikishapata moto. Detanderi ikionekana na barafu, mara nyingi maji ya radiyateri imepungua. Dereva aangalie hapo mbele ya kumlaumu mwenye kuuza gazi.

Na bombone ya jikoni haina robine ya kusimamisha kujaza kwenye asilimia 80, wala haikufungwa kwa kushika kishindo cha ajali. Ikivuja ndani ya kofri, GPL ni nzito kuliko hewa: inashuka, inalala chini ya viti, inajaza shimo la garaji na kungojea sigara. Gari ya GPL yenye inanuka gazi haitelemshwe kwenye shimo. Metani ni nyepesi, inapanda na kutoka kama kuko madirisha, lakini ndani ya garaji yenye imefungwa inakusanyika juu, kwenye taa.

Mbaya kuliko yote ni kuweka GNC ndani ya bombone ya GPL. Ile chuma haikutengenezwa kwa bari 200. Mwezi wa kumi 2024, gari moja ililipuka kwenye stasio ya GNC mjini Benin City, Nigeria, wakati wa kujaza. Wakubwa wa serikali walisema bombone yake ilikuwa imechomelewa na kugeuzwa, haikuwa ya kazi ile. Kwa hiyo mwenye kununua okazyo yenye tayari iko na gazi asome kibati ao maandishi kwenye bombone: aina ya gazi, bari, tarehe ya kupimwa, na mwaka wa mwisho. Kukiwa alama ya kuchomelea, ao maandishi yamekwaruzwa, aiache.

Na ziwa? Wataalamu wanakadiria kwamba Kivu iko na kilometa kyubu 60 hivi za metani, lakini inapanda imechanganyika na gazi kaboniki na gazi yenye kunuka mayai ya kuoza, yenye inakula chuma. Inapaswa kuoshwa, kukaushwa, kisha kukandamizwa. Karongi, upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinafanya njia fupi zaidi: tangu 2016 kinachoma ile gazi pale pale kando ya maji na kutoa umeme, megawati 26, na umeme unapita kwenye waya. Hapo hakuna bombone ya kubeba.