Mistari Miwili ya Chini ya Pasipoti

Baadhi ya ndege kutoka Ulaya hutua uwanja wa Kilimanjaro jioni, na hadi wageni wamalize uhamiaji, wapate mizigo na kufika Moshi, saa nne ya usiku huwa imekaribia. Hapo hoteli yenye mhudumu mmoja wa mapokezi hupokea watu wanane kwa mkupuo, wamechoka, na wote wanataka ufunguo. Makosa ya mapokezi huzaliwa saa hizo. Kijana aliyetoka chuoni anajua kutabasamu na kujaza fomu. Asichojua mara nyingi ni kuisoma pasipoti.

Mafunzo mengi huanza na salamu. Mimi ningeanza na ukurasa wa pasipoti wenye picha, tena na sehemu yake ya chini ambayo wahudumu wengi huiruka wakidhani ni ya mashine tu. Kwenye vijitabu vya pasipoti vinavyofuata utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, pana mistari miwili yenye alama 44 kila mmoja. Huu hapa mfano ambao ICAO yenyewe huutumia kufundishia, wa mgeni wa kubuni kutoka nchi ya kubuni:

```
P<UTOERIKSSON<<ANNA<MARIA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Mstari wa kwanza unamaliza ubishi wa majina. Baada ya herufi tatu za nchi, hapa `UTO`, huja jina la ukoo, kisha alama `<<`, kisha majina mengine. Mgeni huyu ni Eriksson kwa ukoo, Anna Maria kwa jina lake. Kama chumba kiliwekwa kwa jina la Maria, mhudumu anayetafuta kwa jina la ukoo hatampata kwenye orodha ya kina Eriksson, na atamwambia mtu aliyekwisha kulipa kwamba hana nafasi. Kuna Wahindi ambao pasipoti zao hazina jina la ukoo kabisa, na kuna wanandoa wenye koo mbili tofauti. Kwa hiyo fomu hufuata pasipoti, halafu jina lililotumika kuweka nafasi huandikwa pembeni.

Mstari wa pili ndio wenye utajiri. Alama tisa za mwanzo ni namba ya pasipoti, `L898902C3`. Tarakimu ya 6 inayofuata si sehemu ya namba hiyo, ingawa kila siku kuna mtu anayeiandika kama ndiyo. Ni tarakimu ya ukaguzi. Kisha huja uraia, halafu `740812`, yaani mwaka 74, mwezi wa 8, tarehe 12. Mgeni amezaliwa tarehe 12 Agosti 1974. Tarakimu ya 2 inayofuata ni ukaguzi wa tarehe hiyo, `F` ni mwanamke, na `120415` ni tarehe ya mwisho wa matumizi: 15 Aprili 2012.

Tuseme sasa mgeni amejijazia fomu mwenyewe kwa desturi ya Kimarekani, mwezi ukitangulia: 08/12/1974. Mhudumu wetu anasoma tarehe 8 Desemba, na ndivyo inavyoingia kwenye kompyuta. Tarakimu ya ukaguzi inaweza kumsuta. Unachukua tarakimu sita za tarehe, unazizidisha kwa zamu na 7, 3, 1, 7, 3, 1, unajumlisha, kisha unaangalia tarakimu ya mwisho ya jumla. Kwa 740812 unapata 49, 12, 0, 56, 3 na 2. Jumla ni 122, inaishia na 2, kama pasipoti inavyosema. Kwa 741208 jumla ni 84, inaishia na 4. Tarehe iliyoandikwa si sahihi.

Hakuna atakayepiga hesabu hiyo kwa kila mgeni saa nne ya usiku, na hoteli zenye skana huachia mashine ifanye. Lakini ningemfanyisha kila mwanafunzi walau mara moja kwa kalamu, kwa sababu aliyewahi kuipiga haiiti tena mistari ile takataka. Inafaa pia unaposhindwa kujua kama alama fulani kwenye namba ni sifuri au herufi O. Katika hesabu hii herufi A ni 10, B ni 11, kuendelea hadi Z ambayo ni 35, hivyo O ni 24. Ukiiweka mahali pa sifuri, jibu halitalingana hata siku moja.

Kuna kosa jingine lisilohitaji hesabu: kuandika namba ya viza mahali pa namba ya pasipoti. Namba ya pasipoti ichukuliwe kwenye ukurasa wa picha, basi. Pasipoti irudi mkononi mwa mwenyewe kabla hajapewa ufunguo. Haiwekwi rehani ya bili. Nakala ipigwe kwa kifaa cha hoteli, isipigwe kwa simu ya mhudumu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na picha ya pasipoti ya mtu ni taarifa binafsi kama ipo yoyote.

Tuje kwenye fedha. Swali la kwanza kabla ya kugusa mashine ni hili: nani analipa? Mgeni aliyeweka nafasi kupitia wakala wa mtandaoni huenda amekwisha kumlipa wakala, na wakala ameiletea hoteli kadi pepe ya kutoza. Kumdai mgeni mara ya pili ndilo kosa linaloandikiwa malalamiko makali kuliko yote. Jibu limo kwenye taarifa ya nafasi, na isomwe kabla mgeni hajafika.

Bei itajwe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kupokea malipo ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mgeni mwenye dola mkononi huelekezwa benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, au atumie kadi.

Tuseme Bi Eriksson analala siku tatu kwa shilingi 180,000 kwa usiku, jumla 540,000. Mashine nyingine hulihesabu fungu la tarakimu mbili za mwisho kuwa senti. Mhudumu akibonyeza 540000 kwenye mashine ya aina hiyo, kioo kinaonyesha 5,400.00, kadi inakubali, na hoteli imepoteza zaidi ya nusu milioni bila mtu kushtuka. Mwenzake aliyezoea mashine hiyo, akihamia kwenye isiyo na senti, ataongeza sifuri mbili na kuomba milioni 54. Benki itakataa, naye atamwambia mama wa watu kwamba kadi yake haina fedha, tena mbele ya foleni. Hapo msimamizi mzuri husema jambo moja tu: "Dada, soma kioo kwanza, halafu mgeuzie mgeni naye asome."

Mgeni huyohuyo ndiye anayepaswa kuchagua pale mashine inapouliza kama atozwe kwa shilingi au kwa fedha ya kwao. Kiwango cha kubadilishia cha mashine kwa kawaida humuumiza, na mhudumu hana ruhusa ya kumbonyezea.

Linalohitaji kichwa baridi zaidi ni mtandao kukatika katikati ya muamala. Mashine haitoi risiti, lakini simu ya mgeni inalia: fedha zimekatwa. Kupitisha kadi tena papo hapo ni kubahatisha kumtoza mara mbili. Kwanza chapisha orodha ya miamala ya siku kutoka kwenye mashine. Kama muamala umo na una namba ya idhini, umepita. Kama haumo, pigia benki yenye mashine, mweleze mgeni kwamba huenda fedha zimezuiwa tu na zitaachiliwa, na umpe ufunguo akalale. Malipo yanaweza kungoja asubuhi.

Kikaratasi cha mashine ya kadi hakichukui nafasi ya risiti ya EFD. Hutolewa vyote viwili, na kabla ya kukabidhi zamu jumla za mashine hizo mbili hulinganishwa na daftari la wageni. Afadhali tofauti ionekane usiku uleule. Muamala uliokosewa hufutika kwenye mashine kabla haijafunga hesabu za siku na kuzituma benki. Ikishafunga, kinachobaki ni kurejesha fedha, na hilo huweza kuchukua siku kadhaa, mgeni akiwa ameshaanza kupanda mlima.