Mstari Mbaya Unaokubalika

Funga nati kwenye uzi, ining'inize, isukume kidogo, kisha upime muda inaochukua kwenda na kurudi. Badilisha urefu wa uzi, upime tena. Kwa vifaa hivi unaweza kupata g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Ukichora kipeo cha pili cha muda wa bembeo moja, T², dhidi ya urefu wa uzi, nukta zitajipanga karibu na mstari mnyoofu, na mteremko wa mstari huo ni 4π²/g. Kupata mteremko ni rahisi. Kazi ni kusema unauamini kwa kiasi gani.

Shaka huanzia kidoleni. Binadamu akibonyeza stopwochi huwahi au huchelewa kidogo, na kwa kuanzisha na kusimamisha tunaweza kukadiria sekunde 0.2. Ndiyo maana hupimwa bembeo 10 kwa mpigo: kosa hugawanywa kwa 10, na shaka ya T ikawa sekunde 0.02. Lakini kwenye grafu tunaweka T², si T, na shaka ya T² ni mara mbili ya T ukizidisha na shaka ya T. Kwa uzi wa mita 0.20, T ni sekunde 0.90, kwa hiyo T² ni 0.81 na shaka yake takriban 0.04. Kwa uzi wa mita 1.00, T ni 2.02, T² ni 4.08, na shaka inafika 0.08. Kila nukta hupewa kijiti cha wima kinachopanda na kushuka kwa kiasi hicho, na vijiti hurefuka kadiri uzi unavyorefuka. Anayechora vijiti vyote sawa hakupiga hesabu.

Sasa weka rula inayopenya mwanga, uchore mstari bora: ule unaoziacha nukta pande zote mbili kwa uwiano, bila kuulazimisha upite kwenye sifuri. Chagua sehemu mbili zilizo mbali juu ya mstari wenyewe, si nukta za vipimo. Tuseme umesoma (0.10, 0.38) na (1.00, 4.04). Tofauti ya wima ni 3.66, ya mlalo 0.90, na mteremko ni 4.07.

Kisha uchore kwa vistari vya nukta nukta mstari mbaya kuliko yote inayokubalika: ulio mkali kupindukia, au uliolala kupindukia, mradi bado uguse vijiti vyote. Mkali hupita chini ya kijiti cha kwanza, kwenye 0.77, na juu ya kijiti cha mwisho, kwenye 4.16. Hapo mteremko ni 3.39 gawanya kwa 0.80, yaani 4.24. Ukikuta kijiti cha katikati kimeachwa nje, ulegeze mstari mpaka ukiguse. Tofauti kati ya mistari miwili ni 0.17, na hiyo ndiyo shaka ya mteremko. Mtindo huu ndio unaoombwa kwenye mtihani wa fizikia wa Cambridge wa ngazi ya juu. Wengine huchora mistari mibaya miwili, mkali na mlalo, wakachukua nusu ya tofauti yao. Kwangu mmoja unatosha, mkono ukiwa mwangalifu.

Shaka ikiwa 0.17, hakuna maana kuandika mteremko kwa tarakimu tano. Andika 4.1 ± 0.2. Kwa hesabu ya g, endelea na namba kabla ya kuzifupisha: 39.48 gawanya kwa 4.07 ni 9.70, na asilimia 4 ya shaka inahamia kwenye g vilevile. Jibu ni 9.7 ± 0.4, na 9.8 ya vitabuni imo ndani.

Njia hii ina upofu wake. Mstari mbaya huona tu kutawanyika kwa nukta na urefu wa vijiti. Ukipima uzi hadi juu ya nati badala ya katikati yake, nukta zote husogea pamoja: mstari unakosa sifuri, lakini mteremko haubadiliki. Hapo umeponea. Hatari ni kuhesabu: wengi husema "moja" wakati nati inaachiwa, badala ya "sifuri". Wakifika "kumi", bembeo ni 9. Kila T inapungua kwa sehemu moja ya kumi, T² inashuka kwa karibu asilimia 20, na mstari unabaki mnyoofu, nukta safi, vijiti vifupi. Mteremko unakuwa 3.30, na g inatoka 12.0 ± 0.5. Hakuna mstari wowote wa kuchorwa utakaokuonyesha kosa hilo. Litafichuka tu ukilinganisha na 9.8, ambayo haimo hata kwa mbali ndani ya 11.5 hadi 12.5.