Godoro Lililokatwa Kona: Picha Inavyotengenezwa na Namna ya Kuisoma

Ukutani mwa maduka mengi ya magodoro kuna bango la aina moja. Godoro limelazwa, kona yake moja imekatwa, na ndani yanaonekana matabaka yaliyopangwa kama ngazi: kitambaa cha juu chenye mishono ya maua, sponji ya buluu, sponji nyeupe, safu ya springi zinazong'aa, kisha sponji ya chini. Kila tabaka lina mshale na jina lake. Mnunuzi husimama mbele ya bango hilo muda mrefu kuliko mbele ya godoro lenyewe, kwa kuwa magodoro yote yaliyovishwa kitambaa hufanana, na anacholipia kimefichwa ndani.

Kwa mtengenezaji, picha ya mkato ndiyo njia ya kumwonyesha mteja alichoweka ndani bila kupasua kila godoro dukani. Kwa mteja ni ahadi, na ahadi hiyo inaweza kupimwa kwa rula na mizani. Kabla ya kuipima, inafaa kufahamu picha yenyewe hupatikanaje, maana makosa mengi huanzia hapo.

Njia ya kwanza ni kukata godoro la kweli. Kazi hii huonekana nyepesi hadi kisu kinapogusa sponji. Sponji ni laini, hivyo ukiikandamiza huku unakata, hujikunja chini ya kisu, na ukiinua mkono hurudi juu. Mkato uliodhaniwa umenyooka hutoka umebonyea katikati. Kiwandani mabonge ya sponji hukatwa kwa msumeno wa mkanda, ambao husogea kasi bila kukandamiza. Studioni hutumika kisu cha umeme chenye bapa mbili zinazopishana, au kisu kirefu chenye meno, kikivutwa polepole kwa kufuata mstari uliochorwa kwa rula. Kila tabaka hukatwa peke yake, na la chini huachwa litokeze zaidi ya la juu yake kwa upana wa kiganja hivi, ili jicho lipate pa kukanyaga linaposhuka kutoka ngazi hadi ngazi.

Shida kubwa huja kwenye springi. Katika magodoro ya springi za mifuko, kila springi imeshonewa ndani ya mfuko wake mdogo wa kitambaa, na humo imekandamizwa kidogo kabla ya mfuko kufungwa. Fundi akipasua mfuko ili springi ionekane, springi hiyo hufyatuka na kuwa ndefu kuliko jirani zake, kisha huisukuma juu sponji iliyo juu yake. Ndiyo maana wanaoijua kazi hawaipasui yote. Hukata kidirisha tu upande wa mbele wa mfuko, au huifunga springi kwa waya mwembamba usioonekana kwenye kamera ili ibaki na kimo kilekile ilichokuwa nacho ndani ya godoro. Bango linaloonyesha springi zilizo uchi kabisa, zimesimama sawasawa na hazina mfuko wala waya wa kuziunganisha, linaonyesha kitu ambacho hakiwezi kusimama hivyo ndani ya godoro lolote.

Baada ya kukata huja kuficha mabaki ya kazi. Nyuzi za gundi zinazong'aa kati ya sponji na sponji hutolewa kwa kibanio. Kitambaa cha juu hukunjwa kwa nyuma na kubanwa kwa pini ili kisinyauke, kwa sababu kikishakatwa mkanda wake wa pembeni hupoteza mkazo na kulegea.

Kisha inakuja taa. Sponji nyingi zikitoka kiwandani ni nyeupe au zina rangi ya maziwa, na chini ya mwanga wa mbele sponji tatu za ubora tofauti huonekana kama bonge moja. Mpiga picha huhamisha taa na kuiweka ubavuni, chini chini, ili mwanga upite juu ya vitundu vya sponji na kuacha kivuli ndani yake. Hapo sponji yenye vitundu vikubwa hutofautiana na ile yenye vitundu vidogo. Kamera huwekwa juu kidogo na kuelekezwa kwenye kona, ili uso wa godoro na mkato vionekane pamoja.

Rangi za kijani, buluu na waridi zinazopamba mikato mingi ni rangi tu iliyotiwa wakati sponji inapikwa. Husaidia wafanyakazi kiwandani wasichanganye aina, na humsaidia msomaji wa tangazo kutenganisha matabaka. Haiongezi ubaridi wala uimara. Sponji ya buluu si baridi kwa kuwa ni buluu.

Siku hizi picha nyingi za mkato hazikatwi kabisa. Mbunifu hukaa na programu kama Blender, akachora mstatili mmoja kwa kila tabaka, akauvisha picha ya kitambaa au ya sponji iliyopigwa karibu, kisha akaondoa kona. Faida yake ni kubwa: kiwanda kikibadili sponji ya juu, picha hubadilishwa bila kuharibu godoro jingine. Kukijitokeza aina tano za magodoro, mchoro mmoja huzaa picha tano. Ila urahisi huohuo ndio mlango wa udanganyifu. Unene wa tabaka kwenye kompyuta ni namba ndani ya kisanduku. Sponji ya sentimita 3 hugeuka kuwa ya sentimita 6 kwa kubonyeza kitufe kimoja, na hakuna sponji ya kweli inayokataa.

Tuchukue mfano wa godoro la springi lenye unene wa sentimita 25. Maelezo yake yaliyoandikwa yanasema: kitambaa chenye mishono sentimita 2, sponji laini sentimita 3, sponji ngumu kidogo sentimita 2, springi sentimita 16, na sponji ya chini sentimita 2. Ukijumlisha unapata 25, kwa hiyo maelezo yamekaa sawa. Sasa mnunuzi anachukua kipeperushi na rula. Anapima kwenye ile kona iliyo karibu kabisa na macho, akishuka wima kutoka juu hadi chini, kwa sababu kadiri godoro linavyokwenda mbali ndivyo picha inavyolipunguza. Anapata milimita 50. Maana yake kila milimita moja ya karatasi ni milimita 5 za godoro. Sponji laini, ambayo ni sentimita 3, ilipaswa kuwa milimita 6. Rula inasema 12. Springi zilipaswa kuchukua milimita 32, lakini zimebanwa hadi 26 ili kuipa sponji nafasi.

Hakuna neno la uongo lililoandikwa kwenye kipeperushi hicho. Namba zote ni sahihi. Lakini macho yamekwishaambiwa kwamba tabaka la starehe ni karibu robo ya godoro, ilhali ni takriban moja ya nane. Na watu wengi hununua kwa macho.

Jambo hili si geni katika matangazo. Nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, matangazo ya supu ya Campbell yalipigwa picha baada ya gololi za kioo kuwekwa chini ya bakuli, ili mboga na nyama zisizame bali zijae juu. Supu ilikuwa ya kweli, na kila kilichomo kilikuwa cha kweli. Hata hivyo Tume ya Biashara ya Marekani iliona kwamba mtazamaji aliaminishwa kuwa mna vipande vingi kuliko vilivyomo, na mwaka 1970 shauri hilo liliishia kwa amri ya kuizuia kampuni kuendelea na mtindo huo. Kisa chake kinafanana sana na sponji iliyonenepeshwa: hakuna kilichoongezwa ila mwonekano.

Liko jambo moja ambalo hata picha ya mkato iliyo mwaminifu kabisa haiwezi kulionyesha, nalo ni densiti ya sponji, yaani uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 16 na ya kilo 25 kwa mita ya ujazo zinaweza kutiwa rangi moja, zikakatwa kwa unene mmoja na kupigwa picha ileile. Tofauti yao huonekana baada ya miezi, pale ile nyepesi inapoanza kuacha shimo mahali pa kiuno. Wala ugumu wa kubonyeza kwa mkono dukani hautoi jibu, kwa sababu sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu ikiwa mpya.

Hapo mizani husema zaidi ya bango. Godoro la sponji tupu la futi 5 kwa 6, unene inchi 8, lina ujazo wa takriban mita 0.57. Likiwa la densiti 25, sponji yake inapaswa kuwa na uzito wa kilo 14 hivi. Likiwa la densiti 16, halifiki kilo 10 bila kitambaa. Muuzaji anayesema haidensiti na godoro lake likapima kilo 10 na kitambaa chake, maelezo yake na mizani havikubaliani.

Nayo mizani ina mpaka wake. Wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito kwa gharama ndogo. Uzito huongezeka, uimara hauongezeki. Dalili yake ni sponji inayomeguka ikisuguliwa kwa vidole na kuacha unga mkavu. Ndiyo maana kipande cha sampuli kilichokatwa, ambacho maduka mengine huweka mezani, kina thamani kuliko bango lolote: mnunuzi anaweza kukipima, kukisugua, kukikunja na kukiachia aone kinarudi kwa haraka gani. Lakini aulize kama kilikatwa kutoka godoro lilelile analouziwa, au ni la daraja la juu yake.

Mbunifu anayejali wasomaji wake ana la kufanya, tena bila gharama. Aandike unene wa kila tabaka kwa sentimita pembeni mwa mshale wake, na jumla yake ilingane na unene wa godoro. Aandike densiti ya kila sponji. Ikibidi tabaka jembamba likuzwe ili lionekane, alitoe nje ya godoro kwenye duara la pembeni, kama lenzi, na aliache ndani likiwa na kimo chake halisi. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Zote mbili zinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Mteja anayetaka kulalamika ahifadhi kipeperushi pamoja na risiti, kwani bila kipeperushi hakuna kitakachoonyesha aliahidiwa nini.