Bima Ndogo, Bima Kubwa: Baada ya Ajali Nani Analipa Nini?

Ukimuuliza dereva wa Dar es Salaam kama gari lake lina bima, atakuambia lina. Anachomaanisha mara nyingi ni bima ndogo, ile ya watu wengine, ambayo kwa gari dogo la binafsi imezoeleka kulipiwa shilingi 118,000 kwa mwaka: 100,000 ya bima yenyewe na asilimia 18 ya VAT. Inatosha kupita kwa trafiki bila shida, kwa kuwa ndiyo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto inayoitaka. Lakini siku ya ajali, mwenye gari anaweza kujikuta fundi anamdai mamilioni huku kampuni ya bima ikimwambia, na kwa haki kabisa, kwamba upande wake hauna cha kulipwa.

Tuchukue ajali ya kawaida ya mjini. Toyota IST yenye thamani ya shilingi milioni 15 inashuka barabara yenye foleni, mvua imenyesha, dereva anachelewa kushika breki na kuigonga Noah kwa nyuma. Noah imebonyea mlango wa nyuma na kuvunjika taa. Matengenezo ni milioni 2.2. IST imeumia zaidi, maana boneti imekunjika, bampa limepasuka, rejeta inavuja na taa zote mbili zimekwenda. Gereji inataka milioni 3.6. Kosa ni la IST, na dereva wake hapingi.

Kama IST ina bima ndogo, kampuni itashughulika na Noah. Milioni 2.2 zitalipwa kwa mwenye Noah, mradi hazizidi kikomo cha uharibifu wa mali kilichoandikwa kwenye mkataba. Mtembea kwa miguu angeumia, au akafariki, madai yake au ya familia yake nayo yangeelekezwa huko. Hilo ndilo kusudi la bima hii: mtu aliyeumizwa asikose fidia kwa sababu aliyemuumiza hana pesa. Ila zile milioni 3.6 za IST, na gharama za hospitali za dereva aliyekosea, zinabaki kwake mwenyewe.

Sasa tuseme IST ina bima kubwa. Noah italipwa vilevile, kwa sababu bima kubwa inabeba ndani yake ile ndogo. Kilichoongezeka ni kwamba IST nayo itatengenezwa, hata kama kosa ni la dereva wake. Ingelipwa pia kama ingeibwa, ingeungua au ingepinduka peke yake bila kugongana na gari lolote. Mafuriko nayo huingia katika mikataba mingi, ila hapo soma mkataba wako kwanza, kwa kuwa kampuni hutofautiana.

Gari la binafsi kwa kawaida hukatiwa bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Kwa IST yetu hiyo ni shilingi 525,000, na ukiongeza VAT inafika 619,500. Katika matengenezo ya milioni 3.6 kampuni haitoi zote. Kuna sehemu ambayo mwenye gari huchangia katika kila dai, wenyewe huiita eksesi, na mara nyingi ni asilimia 10 yenye kiwango cha chini kilichotajwa. Hapa mwenye IST atatoa 360,000 na kampuni itatoa 3,240,000.

Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Penye maumivu ni pale mwenye gari alipotaja thamani ndogo ili alipe kidogo. Wapo mawakala wanaolishauri hili waziwazi, nami naliona ni ushauri mbaya kuliko wote unaotolewa katika biashara hii. Tuseme IST ya milioni 15 iliandikishwa kwa milioni 10. Ada itashuka hadi 413,000 pamoja na VAT, na mwenye gari atakuwa ameokoa 206,500. Inaonekana ni busara, hasa kwa mtu anayefikiri kwamba hata ajali ikitokea, matengenezo hayatafika milioni 10.

Baada ya ajali kampuni humtuma mkadiria hasara. Huyo haangalii bampa na taa peke yake. Anaangalia pia gari kama lile, la mwaka ule na hali ile, linauzwa bei gani sokoni kwa siku hiyo. Akikuta ni milioni 15 na mkataba unasema 10, kampuni itahesabu kwamba umekata bima ya theluthi mbili za gari, na theluthi iliyobaki umeibeba mwenyewe. Katika milioni 3.6 itakubali milioni 2.4. Ondoa eksesi ya asilimia 10, inabaki 2,160,000. Mwenye gari aliyeokoa 206,500 amepoteza 1,080,000, wala hajadhulumiwa, kwa kuwa sharti hilo liko kwenye mkataba aliousaini.

Kupandisha thamani nako hakusaidii. Ukiliandikisha gari la milioni 15 kwa milioni 20 kisha likaibwa, utalipwa thamani ya soko ya siku lilipoibwa, na ada ya zile milioni 5 za ziada itakuwa imekwenda bure. Kwa hiyo kila mwaka unapohuisha bima, uliza kwanza bei ya sasa ya gari lako. Ile ya mwaka uliolinunua haifai tena.

Geuza ajali: safari hii Noah ndiyo iliyokosea. Mwenye IST mwenye bima ndogo hajaachwa mikono mitupu, kwa sababu sasa yeye ndiye mtu mwingine, na atadai kwenye kampuni ya Noah bila kuchangia eksesi. Shida ni kwamba lazima kosa la Noah lithibitishwe kwa ripoti ya polisi, na hilo linaweza kuchukua muda gari likiwa limelala gereji. Mwenye bima kubwa anaweza kutengenezewa na kampuni yake kwanza, kisha kampuni ikaifuata ile ya Noah kurudishiwa pesa.

Ndiyo maana dakika za kwanza barabarani zina uzito. Piga picha magari yakiwa bado pale yaliposimama, namba zote mbili zionekane, na alama za matairi kama zipo. Subiri trafiki apime na kuchora ramani ya ajali. Gari lipelekwe kukaguliwa upate PF 90, na aliyeumia apewe PF 3. Namba ya gari lililokugonga iingize kwenye mfumo wa TIRA-MIS papo hapo uone kama bima yake ni halali, maana stika ya kughushi haimlipi mtu. Kisha toa taarifa kwa kampuni yako mara moja.

Usiandike karatasi ya kukiri kosa wala kuahidi kumlipa mwenzako pale barabarani, hata akikusihi vipi kwamba mmalizane. Karibu kila mkataba unakataza kukubali lawama bila idhini ya kampuni, na karatasi hiyo inaweza kuwa sababu ya dai lako kukataliwa. Sababu nyingine zinazokataliwa mara kwa mara ni leseni iliyokwisha muda, pombe, na gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi kukutwa limebeba abiria wa kulipa.

Dai likikataliwa, omba barua yenye sababu. Ukiona sababu haisimami, ipeleke barua hiyo pamoja na mkataba wako Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.