Kabla ya kuifunga akaunti, zima maagizo, kisha lipa deni

Wengi wetu hudhani kwamba akaunti ya benki isiyotiwa fedha hufa yenyewe. Sivyo. Akaunti iliyoachwa huku ikiwa na maagizo ya kudumu ya malipo huendelea kufanya kazi, na kazi yake huwa ni kuzaa deni.

Tulikaa na familia moja ya Temeke iliyopatwa na jambo hili. Baba alihamishia mshahara wake benki nyingine mwanzoni mwa mwaka, akaiacha akaunti ya zamani ikiwa na shilingi 9,000. Alisahau kwamba humo mlikuwa na maagizo mawili: shilingi 50,000 za ada ya shule kila tarehe 5, na shilingi 30,000 za mama yake mzazi kila tarehe 20. Benki ilijaribu kulipa, ikakosa fedha, na kila jaribio lililoshindikana likatozwa shilingi 5,000. Mwisho wa mwezi ikaongezeka ada ya uendeshaji ya shilingi 2,000. Januari ilipokwisha, salio lilikuwa hasi shilingi 3,000. Februari ilipokwisha, hasi 15,000.

Machi 3 baba yule akaona heri alipe yaishe. Akaweka shilingi 80,000 kwa wakala, akitaraji kufuta deni na kuichukua baki siku atakayokwenda kufunga. Salio likawa 65,000. Siku mbili baadaye agizo la ada likaamka na kuchukua 50,000, ilhali shule ilikwisha kulipwa kutoka akaunti mpya. Zikabaki 15,000. Hazikutosha agizo la tarehe 20, faini ikakatwa, kisha ada ya mwezi. Aprili nayo ikapita vivyo hivyo, na mwisho wake akaunti ilikuwa tena hasi shilingi 4,000.

Kosa lake halikuwa kulipa, bali kulipa kabla ya kuzima maagizo. Fedha inayoingia katika akaunti ya namna hiyo haijui kwamba imeletwa kwa ajili ya deni; agizo linalosubiri huichukua kama fedha nyingine yoyote. Tena kuweka agizo jipya katika benki mpya hakulifuti la zamani. Yataendelea yote mawili.

Mwezi Mei walianza upya kwa mpango. Kwanza waliomba benki orodha kamili ya maagizo yaliyo hai. Taarifa ya akaunti ya miezi michache isingetosha, kwa sababu agizo la mara moja kwa mwaka halionekani humo. Na kweli, orodha ilionesha agizo la tatu walilolisahau kabisa: mchango wa madrasa wa kila Desemba.

Pili, walihakikisha kila anayelipwa ana njia mpya, bibi asije akakosa posho yake. Kisha wakaandika barua ya kufuta maagizo yote matatu, wakitaja mlipwaji, kiasi na tarehe ya kila moja, na wakabaki na nakala yenye muhuri wa benki. Barua ilipelekwa Mei 2. Tarehe 5 ikapita bila makato, nayo ikawa dalili kwamba agizo la ada limekufa kweli.

Tatu, Mei 6 waliuliza kiasi cha kufungia akaunti siku hiyo hiyo. Hicho si sawa na salio linaloonekana kwenye simu. Kwao kilikuwa deni la 4,000, ada ya mwezi ambayo haijakatwa bado 2,000, na ada ya kufunga 10,000: jumla 16,000. Aliyelipa 4,000 peke yake angeondoka akidhani amemaliza, na mwisho wa mwezi deni lingerudi. Hapa pia ndipo pa kuomba mchanganuo, ili ijulikane kipi ni ada na kipi, kama kipo, ni riba juu ya salio hasi. Makato yasiyoeleweka hudaiwa maelezo kabla ya akaunti kufungwa, maana baada yake ni vigumu zaidi kuyafuatilia.

Walilipa kaunta, si kwa wakala, wakatia sahihi fomu ya kufunga pale pale, wakarudisha kadi na kuondoa huduma ya simu iliyounganishwa na akaunti. Mwisho wakadai barua inayosema akaunti imefungwa na haidaiwi.

Barua hiyo tunashauri itunzwe pamoja na hati nyingine za nyumbani. Deni la shilingi elfu chache nalo ni deni. Akifariki mwenye nalo, warithi ndio watakaoulizwa, na karatasi moja yenye muhuri itawatosha kujibu.