Nani Amelipwa, Nani Amelipiwa?

Konda wa daladala anapita katikati ya viti akidai nauli. Abiria mmoja anamjibu, "Nimelipiwa," na kumwonyesha dada aliyekaa mbele. Konda anamwendea dada huyo, anapokea pesa za watu wawili, safari inaendelea. Kama abiria angesema "Nimelipwa," konda angebaki amesimama palepale, kwa maana mtu aliyelipwa ni mtu mwenye pesa mfukoni. Tofauti ya kauli hizi mbili ni irabu moja tu, i, iliyoingia kati ya lip- na -wa.

Irabu hiyo ni sehemu ya kile walimu wa Kiswahili wanachokiita mnyambuliko wa vitenzi. Mzizi wa kitenzi huongezewa viambishi upande wa nyuma, na kila kiambishi huja na kauli yake: kutendea, kutendesha, kutendana, kutendeka na nyinginezo. Mwanafunzi wa hatua ya kati huwa ameshazikariri kauli hizo zikiwa zimepangwa kwenye jedwali. Kinachomsumbua hakimo ndani ya jedwali. Ni swali la nani anashika nafasi gani katika sentensi pindi kiambishi kinapoongezwa, na hapo ndipo kutendea na kutendesha humtatiza zaidi.

Tuanze na kutendea. Vitabu vingi hueleza kwamba kauli hii huonyesha jambo lililofanywa kwa niaba au kwa faida ya mtu, na mfano wao wa kawaida ni huu:

Mama alipika ugali.
Mama alimpikia mgeni ugali.

Maelezo hayo ni sahihi, ila mfano wenyewe ni rahisi mno. Kupika hakuhitaji mtu wa kupikwa, kwa hiyo mgeni anapoingia kwenye sentensi hapati wa kugongana naye. Ugumu uko kwenye vitenzi ambavyo tangu awali vina mtu baada yake, kwa sababu huko kiambishi kimoja humhamisha mtu yuleyule kutoka nafasi moja hadi nyingine.

Alimuuliza Asha.
Alimuulizia Asha.

Katika sentensi ya kwanza Asha yupo, ndiye anayetakiwa kujibu. Katika ya pili huenda Asha hayupo kabisa: mtu amefika mlangoni na anataka kujua Asha yuko wapi, au anaendeleaje.

Alimwomba padri.
Alimwombea padri.

Hapa padri wa kwanza ana kitu kinachotakiwa kwake. Padri wa pili labda ni mgonjwa, na waumini wanamfikisha kwa Mungu katika sala. Vivyo hivyo, "alimcheka" ni dhihaka, lakini "alimchekea" ni tabasamu la kumkaribisha mtu. Anayemkimbia mbwa anajiokoa. Anayemkimbilia mbwa anamfuata. Familia iliyohama Tanga haipo tena Tanga, na iliyohamia Tanga ndiko inakoishi sasa. Kwa vitenzi vya mwendo kama hivi viwili vya mwisho, kauli ya kutendea hugeuza uelekeo, na pale kulipokuwa mahali pa kuondokea huwa mahali pa kufikia.

Hii ndiyo sababu mwanafunzi hafaidiki sana akiitazama -i- au -e- kama mbadala wa neno "kwa". Anayefikiri hivyo husema "Nilinunua zawadi kwa mama," akidhani ametaja mpokeaji. Msikilizaji ataelewa kwamba mama anauza zawadi, au kwamba zawadi ilinunuliwa dukani kwake. Sentensi iliyokusudiwa ni "Nilimnunulia mama zawadi," na kama mtu anapenda kurefusha, "Nilinunua zawadi kwa ajili ya mama."

Tazama tena -m- iliyo katika "nilimnunulia". Kiswahili huruhusu kiambishi kimoja tu cha mtendwa ndani ya kitenzi, na katika kauli ya kutendea nafasi hiyo hushikwa na mtendewa. Zawadi hubaki nje, baada ya kitenzi. Huwezi kusema "niliinunulia mama zawadi" ukiwa na maana kwamba -i- ya kwanza ni ya zawadi. Mzungumzaji wa Kinyarwanda anayejifunza Kiswahili hujikuta na kazi ya ziada hapa, kwani lugha yake, ambayo nayo ina kauli ya kutendea inayofanana sana na hii, inaruhusu viambishi zaidi ya kimoja vya aina hiyo katika kitenzi kimoja.

Kuhusu umbo, kanuni ni fupi. Mzizi wenye a, i au u katika silabi yake ya mwisho huchukua -i-: kata, katia, pika, pikia, funga, fungia. Wenye e au o huchukua -e-: leta, letea, soma, somea. Vitenzi vya mkopo visivyoishia na -a, kama haribu, hupata -a hiyo vinaponyambuliwa: "Umeniharibia siku."

Ila kwa nini nunua haiwi "nunuia"? L iliyomo katika nunulia haikuzuka tu. Vitenzi vya Kibantu ambavyo leo vina irabu mbili mfululizo mwishoni, mara nyingi vilikuwa na l katikati, na sauti hiyo ikadondoka katika Kiswahili. Lugha za jirani bado zinayo. Kiganda husema okuzaala pale ambapo Kiswahili husema kuzaa. Lakini kiambishi kinapoongezwa, l hiyo hurudi mahali pake: zaa, zalia, chukua, chukulia, ondoa, ondolea. Aliyewahi kusema "nilizaliwa" ameshaitamka, pengine bila kujua ilikotoka.

Kauli ya kutendea ina kazi nyingine ambayo huonekana zaidi jikoni na uani. Maji ya kunywa hunywewa kwa kikombe cha kunywea. Samaki wa kupika hupikwa kwa mafuta ya kupikia, na nguo za kufua hufuliwa kwa sabuni ya kufulia. Kila jozi ina kitu kinachotendwa na kitu cha kutendea. Ukiomba "mafuta ya kupika" dukani utaeleweka, lakini kisarufi umeomba mafuta yanayopikwa yenyewe.

Kauli ya kutendesha hufanya kazi tofauti: humleta mtu mpya mwanzoni mwa sentensi, yule anayesababisha jambo. Aliyekuwa mtenda husogezwa nyuma. Mfano unaofaa kufuatwa hatua kwa hatua ni daftari la madeni la muuza duka, kwa sababu kosa la kiambishi huko humpa deni mtu asiyehusika.

Neema alimkopa Juma unga.
Neema alimkopea Juma unga.
Neema alimkopesha Juma unga.

Watu ni walewale wawili na unga ni uleule. Katika sentensi ya kwanza Juma ndiye mwenye duka, na Neema ndiye anayedaiwa. Katika ya pili kuna mtu wa tatu asiyetajwa, yaani mwenye duka. Neema amechukua unga kwake kwa mkopo ili Juma apate kula. Katika ya tatu Neema ndiye mwenye unga: amemfanya Juma akope, kwa hiyo Juma ndiye mdaiwa. Njia ya kujihakikishia ni kuuliza nani anakopa. Kwa kukopa na kukopea, jibu ni mtu aliye mwanzoni mwa sentensi. Kwa kukopesha, ni yule aliye baada ya kitenzi.

"Kusababisha" pia si lazima iwe kushurutisha. Konda anayemlipisha abiria nauli mara mbili anamlazimisha, sawa. Lakini kaka anayemsomesha mdogo wake anamlipia ada, na mama anayemlisha mtoto anamsaidia kula. Muktadha ndio unaoamua. Tofauti nyingine inayostahili kushikwa ni ya hospitalini: "Amelala hospitali" ni kusema alikolala usiku, hata kama alikwenda kumuuguza ndugu yake. "Amelazwa hospitali" ni kusema daktari ameamua abaki wodini kwa matibabu.

Laza hiyo, inayotokana na lala, inafungua upande mgumu wa kutendesha, yaani umbo lake. Njia iliyo wazi ni kuongeza -ish- au -esh- kwa kanuni ileile ya irabu: pika, pikisha, soma, somesha. Lakini ipo njia ya zamani zaidi, ambayo badala ya kuongeza silabi hubadilisha konsonanti ya mwisho ya mzizi. L huwa z, na hata ile l iliyodondoka hujitokeza kama z: jaa, jaza, pungua, punguza. N huwa ny: pona, ponya. P huwa fy: ogopa, ogofya. K huwa sh, na hili ndilo kundi kubwa.

Maji yamechemka.
Mama amechemsha maji.

Mtoto ameamka.
Baba amemwamsha mtoto.

Vivyo hivyo anguka na angusha, waka na washa, kumbuka na kumbusha. Mwanafunzi anayesema "nikumbukishe" amefuata kanuni vizuri, lakini si kanuni ya kitenzi hicho. Hakuna njia ya uhakika ya kutabiri kitenzi kipi kitapita wapi. Cheka hutoa chekesha na fika hutoa fikisha, ingawa vyote vina k. Dalili inayosaidia ni kwamba vitenzi vingi vya zaidi ya silabi mbili vinavyoishia na -ka, na vinavyotaja jambo linalomtokea mtu au kitu chenyewe, huchukua sh bila silabi ya ziada.

Kauli hizi mbili zinaweza kukutana katika kitenzi kimoja, na zikikutana hufuata utaratibu.

Pesa zimerudi.
Juma amerudisha pesa.
Juma amemrudishia Neema pesa.
Neema amerudishiwa pesa.

Kutendesha kumekaa karibu na mzizi, kutendea kumefuata, na -w- ya kutendwa imekuwa ya mwisho. Mpangilio huu ndio wa kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Sentensi ya nne inaonyesha pia kwamba anayepanda kuwa mwanzoni katika kauli ya kutendwa ni mtendewa, Neema, wala si pesa. Pesa zenyewe "zimerudishwa".

Linabaki tatizo moja ambalo umbo la kitenzi haliwezi kulitatua. Vitenzi kama nunua huunda kauli ya kutendwa kwa -liw-, na kauli ya kutendea ikitiwa -w- hutoa silabi zilezile.

Gari limenunuliwa.
Mtoto amenunuliwa viatu.

Katika sentensi ya kwanza gari ndilo bidhaa, na kitenzi ni nunua. Katika ya pili kitenzi ni nunulia, na mtoto ndiye aliyepata viatu. Sikio halisikii tofauti yoyote katika kitenzi, kwa hiyo msomaji inabidi aangalie mbele yake: kukiwa na jina jingine la kitu kilichonunuliwa, aliyetajwa mwanzoni ni mpokeaji. Ondolewa, chukuliwa na pokelewa hufuata mkondo huohuo. "Mzigo umepokelewa" ni habari ya mzigo, na "Mzee amepokelewa mzigo wake" ni habari ya mzee aliyepunguziwa uzito begani.